Ngazi na Kundi: Kusoma Mistari ya Bei kwenye Ankara ya Umeme

Mteja wa LUKU aliye katika kundi la D1 akinunua umeme wa shilingi 10,000 mwanzoni mwa mwezi, hupata karibu uniti 77. Akinunua tena kwa shilingi 10,000 kabla mwezi haujaisha, hupata uniti 23 na kitu kidogo. Fedha ni ile ile, mita ni ile ile, nyumba ni ile ile. Maelezo yanayotolewa mitaani ni mawili: ama mita imeharibika, ama umeme umepanda bei katikati ya mwezi. Yote mawili si kweli. Namba hizo mbili zinatoka katika jedwali moja la bei, na anayejua kulisoma angeweza kuzitaja zote mbili kabla hajatoa senti. Ninachotaka kuonyesha leo ni kwamba jedwali la bei lenye ngazi haliwezi kusomeka kwa kuangalia bei peke yake. Kuna maswali mawili yanayotangulia bei, nayo ni: uniti hii imeangukia ngazi gani, na mita hii imewekwa kundi gani? Watu wengi huogopa mpaka wa ngazi, ilhali mpaka unaoumiza ni wa kundi.

Nianze na ngazi. Kwa agizo la EWURA lililoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa D1, yaani mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza hadi ya 75 katika mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Uniti moja ni kilowati-saa moja: pasi ya wati 1,000 ikikaa motoni saa nzima bila kukata imekula uniti moja. Katika jedwali hilo kuna safu tatu, na mpangilio wake ndio ufunguo. Safu ya kwanza ni idadi ya uniti zilizoingia katika ngazi, ya pili ni bei ya kila uniti ya ngazi hiyo, ya tatu ni tozo, ambayo ni zao la hizo mbili. Uniti hujaza ngazi ya kwanza hadi ukingoni kama maji yanavyojaza mtungi, na zinazofurika ndizo zinazoingia ngazi ya pili. Zilizokwisha kuingia ya kwanza hazitolewi tena. Mteja aliyetumia uniti 100 ana mistari miwili: uniti 75 kwa shilingi 100, tozo 7,500, uniti 25 kwa shilingi 350, tozo 8,750. Jumla ni 16,250. Ukigawanya jumla hiyo kwa uniti 100 unapata shilingi 162.50 kwa uniti, bei ambayo haimo popote katika jedwali. Namba hiyo ya wastani tuikumbuke, kwa sababu itatusaidia mahali pamoja na kutupotosha mahali pengine.

Juu ya tozo huja kodi na makato. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, mchango wa umeme vijijini unaokwenda REA ni asilimia 3, na wa EWURA ni asilimia 1. Yote matatu huhesabiwa juu ya tozo ya umeme, kwa hiyo mtu anaweza kuyajumlisha kuwa asilimia 22 na kuzidisha tozo kwa 1.22. Uniti 75 za ngazi ya kwanza zinagharimu 7,500 kabla ya makato na 9,150 baada yake. Namba hiyo ya 9,150 wateja wengi wa D1 wanaijua kwa moyo, hata wale wasiojua imetoka wapi. Kwa njia hiyo hiyo, uniti ya ngazi ya kwanza inamfikia mnunuzi kwa shilingi 122 na ya ngazi ya pili kwa shilingi 427. Sasa turudi kwa mteja wetu. Katika 10,000 za kwanza, 9,150 zilimaliza ngazi ya kwanza yote. Shilingi 850 zilizobaki, ukizigawa kwa 427, ni uniti mbili kasoro kidogo. Ndiyo hizo 77. Aliporudi kununua, ngazi ya kwanza ya mwezi ule ilikuwa imekwisha kujaa, hivyo 10,000 yote iligawanywa kwa 427, na jibu lake ni uniti 23.4. Hakuna aliyemwibia. Risiti ndiyo iliyomnyima mistari miwili, kwa kuwa mara nyingi hutaja jumla ya uniti, tozo na makato bila kuonyesha ni uniti ngapi zilihesabiwa kwa bei ipi. Mteja analazimika kuichora mistari hiyo mwenyewe.

Kuna kato moja linalovuruga hesabu hii nalo sharti litengwe kwanza. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kato hilo halitegemei uniti. Hutolewa mara moja katika mwezi, kwenye ununuzi wa kwanza, na kama mita ilikaa miezi kadhaa bila kununuliwa umeme, miezi hiyo hudaiwa kwa pamoja. Kwa kiwango hicho cha mwanzo, 10,000 ya kwanza ya mteja wetu ingebaki 9,000, na angepata uniti 73.8 badala ya 77. Ununuzi wa pili nao ungebadilika kidogo, kwa sababu ngazi ya kwanza ingekuwa bado na nafasi ya uniti moja na robo hivi. Angepata uniti 24.3 badala ya 23.4. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya usomaji ni kutenga fedha zisizohusiana na uniti, kodi ya majengo au deni la zamani, kisha kuondoa asilimia 22 kwa kugawanya kilichobaki kwa 1.22, ndipo kushika safu tatu. Anayegawanya fedha yote aliyolipa kwa uniti alizopata hapati bei ya umeme. Anapata mchanganyiko wa bei, kodi na makato mengine.

Baada ya hapo tuitazame hofu iliyoenea, kwamba ukizidisha uniti 75 hata kwa moja, umeme wote wa mwezi unahesabiwa kwa shilingi 350. Hofu hiyo imewafanya watu wazime friji tarehe 25 na kukaa gizani siku za mwisho wa mwezi. Kwa mujibu wa jedwali la D1, uniti ya 76 inaongeza tozo kwa shilingi 350 tu: kutoka 7,500 hadi 7,850. Zile 75 za mwanzo zinabaki katika bei yake. Hakuna ukuta pale, kuna mteremko uliokuwa wa taratibu na sasa ni mkali zaidi. Ni kweli kwamba kila uniti inayofuata ni ghali mara tatu na nusu, na anayeweza kupunguza ana sababu ya kufanya hivyo. Lakini anayeacha dawa zake zinazohitaji ubaridi ziharibike ili kukwepa uniti ya 76 amekwepa shilingi 427 pamoja na makato, basi.

Wapo wanaojibu kwamba hata hivyo 350 ni bei ya adhabu, maana mteja wa kundi la T1, yaani matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 tu kwa uniti. Kwa hiyo, wanasema, mtu anayevuka 75 ni afadhali aombe kuhamishiwa T1. Pingamizi hili lina sura ya busara kwa sababu limelinganisha bei mbili zilizoandikwa. Kosa lake ni kulinganisha mstari mmoja wa kundi moja na jedwali zima la kundi jingine. T1 haina ngazi ya shilingi 100. Kila uniti, tangu ya kwanza, ni 292. Mteja wa uniti 100 aliye D1 analipa 16,250 kabla ya makato, na akiwa T1 analipa 29,200. Tuone basi ni wapi T1 inaanza kuwa nafuu. Katika uniti 75 za mwanzo, mteja wa D1 anapata nafuu ya shilingi 192 kwa kila uniti akilinganishwa na wa T1, na nafuu yote ni 14,400. Kuanzia uniti ya 76 anairudisha nafuu hiyo kidogo kidogo, shilingi 58 kwa kila uniti, ambayo ni tofauti ya 350 na 292. Ukigawanya 14,400 kwa 58 unapata uniti 248 na robo. Yaani nafuu inaisha yote pale matumizi ya mwezi yanapofika uniti 323. Chini ya hapo, mteja anayeomba kutolewa D1 anaomba kulipa zaidi. Na hapa ndipo tunapoiona kazi halisi ya ile 350: imewekwa ili msaada uliotolewa kwenye uniti za mwanzo urudi polepole kutoka kwa yule ambaye matumizi yake yanaonyesha kwamba hakuuhitaji. Mtu anaweza kubishana na kiwango chake, lakini si adhabu ya kuvuka mstari.

Mpaka wenye ukuta uko kwingine. D1 ni ya wateja ambao kwa wastani hawazidi uniti 75 kwa mwezi. Mwenye nyumba ambaye wastani wake unazidi hapo anaweza kuhamishiwa T1, na siku anapohamishwa ngazi ya kwanza inatoweka. Uniti 76 zilizokuwa zikimgharimu 7,850 katika D1 zinakuwa 22,192 katika T1, karibu mara tatu, bila yeye kuongeza hata taa moja. Huo ndio mpaka wa kundi. Tofauti yake na mpaka wa ngazi ni hii: ngazi inahukumu uniti moja moja kadiri zinavyoingia, na mwezi ukianza upya inaanza upya; kundi linahukumu mita yote, kwa kuangalia nyuma, na halijiondoi lenyewe tarehe mosi. Mteja anayesimamia matumizi yake avuke au asivuke 75 mwezi huu amekamata swali dogo. Swali kubwa ni wastani wake unakwenda wapi, kwa sababu mwezi mmoja wa msiba au harusi wenye uniti 110 unagharimu shilingi 350 kwa kila iliyozidi, ilhali mazoea ya uniti 90 kila mwezi yanaweza kumpeleka T1.

Kulitambua kundi si kazi ngumu, na haihitaji kwenda ofisini. Chukua ununuzi wa kwanza wa mwezi, ukiwa umetenga kodi ya majengo, na uulize shilingi 10,000 imeleta uniti ngapi. Ikileta 77 hivi, mita iko D1. Ikileta 28, iko T1, kwa sababu 292 pamoja na makato ni shilingi 356.24, na 10,000 ukiigawanya kwa hiyo ni 28.07. Sasa tazama jambo ambalo huwachanganya hata wasomi. Mteja wa D1 katika ununuzi wa pili hupata 23.4, chini ya wa T1. Anayesikia jirani yake anapata 28 hudhani jirani ana kundi zuri zaidi, kumbe yeye ndiye mwenye kundi nafuu na ameonja mwisho wa jedwali lake. Risiti moja iliyokatwa katikati ya mwezi haiwezi kusema lolote kuhusu nafuu. Lazima risiti zote za mwezi zijumlishwe, uniti kwa uniti na fedha kwa fedha.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba ngazi zote hufanya kazi kwa kujazana. Sivyo, na mfano ulio karibu nasi ni Kenya. Kabla ya mabadiliko ya 2018, ankara ya nyumbani nchini humo ilikuwa na uniti 50 za kwanza kwa shilingi 2.50 ya Kenya, zilizofuata hadi 1,500 kwa shilingi 12.75, na zaidi ya hapo 20.57, pamoja na tozo ya kudumu ya shilingi 150. Hizo zilikuwa ngazi za kujazana. Mtu wa uniti 100 alihesabiwa 125 kwa ngazi ya kwanza na 637.50 kwa ya pili, jumla 762.50, uniti ya 101 ilimwongezea 12.75 tu. Mwaka 2018 tozo ya kudumu ikafutwa, lakini kanuni ya kujazana nayo ikaondoka. Katika viwango ambavyo mdhibiti wa nishati, EPRA, aliviidhinisha vikaanza Aprili 2023, jedwali lilikuwa na mistari mitatu tena: hadi uniti 30 kwa shilingi 12.22, zaidi ya 30 hadi 100 kwa 16.30, na zaidi ya 100 kwa 20.97. Ukiyaweka majedwali mawili bega kwa bega yanafanana sura. Kila moja lina mistari mitatu, kila mstari una mipaka na bei inayopanda. Lakini katika jedwali la pili mistari si ngazi, ni makundi. Mteja huwekwa katika mstari mmoja kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na uniti zake zote huhesabiwa kwa bei ya mstari huo. Mwenye uniti 100 katika kundi la kati alilipa 1,630. Mwenye 101 katika kundi la juu alilipa 2,117.97. Uniti moja imeleta tofauti ya shilingi 487.97, na hizo ni bei za msingi tu, kabla ya tozo ya mafuta, makato mengine na kodi.

Ile hofu ya Tanzania kwamba kuvuka mpaka kunageuza bei ya uniti zote, basi, si upuuzi mtupu. Ni maelezo sahihi ya kanuni nyingine. Na kwa kuwa inahusu wastani wa miezi mitatu, athari yake huchelewa, jambo ambalo humfanya mteja atafute sababu mahali pasipo. Chukua familia iliyotumia uniti 90, kisha 95, kisha 130. Wastani wake ni 105, na umevuka 100. Mwezi unaofuata wanasafiri, wanatumia uniti 60 tu. Kwa kundi la kati 60 hizo zingekuwa shilingi 978. Kwa kundi la juu, lililoletwa na wastani wa miezi iliyopita, ni 1,258.20. Wanaporudi safari wanakuta wamelipia mwezi mtulivu kwa bei ya juu. Wataikagua mita na kulaumu nyaya, ilhali jibu liko kwenye karatasi za miezi mitatu iliyopita.

Tunawezaje kujua jedwali lililo mbele yetu ni la ngazi za kujazana au la makundi, pale ambapo ankara haisemi? Hapa ndipo ile bei ya wastani inapofaa. Chukua tozo ya msingi peke yake, bila kodi, bila tozo ya mafuta, bila deni, na uigawanye kwa uniti. Kama jibu ni moja ya bei zilizoandikwa katika jedwali, barabara kabisa, uniti zote zimehesabiwa kwa bei moja na mistari ni makundi. Kama jibu liko katikati ya bei mbili za jedwali, uniti zimegawanywa na mistari ni ngazi. Mteja wa D1 mwenye uniti 100 alipata 162.50, kati ya 100 na 350. Hizo ni ngazi. Mkenya wa 2023 mwenye uniti 101 anapata 20.97 kamili, hilo ni kundi. Jaribio hili lina upungufu mmoja: mtu ambaye hajatoka ngazi ya kwanza atapata bei ya ngazi ya kwanza kwa kanuni yoyote ile. Lazima lifanywe kwa ankara ya mwezi uliovuka mpaka. Kwenye ankara za maji jaribio ni lile lile, ila uniti ni meta moja ya ujazo, yaani lita 1,000 au madumu 50 ya lita 20, na ni lazima kutenga tozo ya majitaka, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kama sehemu ya tozo ya maji, pamoja na kima cha chini kama kipo. Palipo na kima cha chini, anayetumia kidogo sana analipia uniti ambazo hakuzitumia, na bei yake ya wastani itazidi hata bei ya ngazi ya kwanza.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba hesabu hizi hufanywa na kompyuta, nayo haikosei kuzidisha. Nakubali kuwa haikosei kuzidisha. Lakini kuzidisha ni safu ya tatu, na makosa huzaliwa katika safu ya kwanza, pale inapoamuliwa uniti ngapi ni za mwezi upi na za mita ipi. Chukua ankara inayolipwa baada ya matumizi, na msomaji wa mita hakufika kwa miezi miwili. Nyumba inatumia uniti 40 kila mwezi. Kampuni inakadiria 20 mwezi wa kwanza, 20 wa pili, na mwezi wa tatu mita inasomwa: kwa miezi mitatu zimetumika 120, zilizokwisha kulipiwa ni 40, kwa hiyo 80 zinaandikwa mwezi wa tatu. Kwa ngazi zile za Kenya za kabla ya 2018, miezi hiyo ikisomwa kwa uaminifu ni shilingi 100 kila mwezi, jumla 300, kwa sababu 40 haivuki 50. Kwa makadirio, miezi miwili ya kwanza ni shilingi 50 kila mmoja, na wa tatu ni 125 ya ngazi ya kwanza na 382.50 ya uniti 30 zilizofurika, jumla ya yote 607.50. Uniti 120 zile zile zimelipiwa zaidi ya mara mbili, na kila mstari wa ankara umezidishwa sawasawa. Nafasi ya ngazi ya kwanza iliyoachwa wazi mwezi wa kwanza na wa pili haikurudishwa. Mteja anayelalamika kwamba ankara ni kubwa mno atajibiwa kwamba mita imesomwa kweli, na ni kweli imesomwa. Anayesema “gawanyeni hizi 120 kwa miezi mitatu, mwezi kwa mwezi, ndipo mzijaze ngazi” ameshika penye kosa. Ndivyo ilivyo pia pale ankara inapobeba siku 40 badala ya 30 huku mpaka wa ngazi ukibaki wa mwezi mmoja: tarehe mbili za usomaji zilizo juu ya ankara ni sehemu ya hesabu.

Nimalizie na pingamizi linalotoka upande wa watunga sera, kwamba ngazi na makundi yaliwekwa ili kuwalinda wenye kipato kidogo, na kuyachokonoa ni kuubomoa ulinzi huo. Ulinzi upo, sikatai. Uniti 75 kwa shilingi 100 ni nafuu kubwa. Lakini kinachohesabiwa na jedwali ni mita, na mita si kaya. Fikiria nyumba ya vyumba vya kupanga yenye kaya nne nyuma ya mita moja, kila kaya ikitumia uniti 40 kwa mwezi. Kila moja ingekuwa na mita yake, ingebaki D1 ndani ya ngazi ya kwanza: shilingi 4,000 kabla ya makato, 4,880 pamoja nayo. Kaya zote nne, 19,520. Nyuma ya mita moja ni uniti 160. Mita hiyo ikiwa D1, uniti 85 zinafurikia ngazi ya pili, na jumla pamoja na makato ni 45,445. Wastani wa 160 ukiipeleka T1, jumla ni 56,998, yaani karibu 14,250 kwa kila kaya. Nguvu ya msaada imewafikia wenye nyumba ya mita moja na kaya moja, hata kama ni wenye uwezo na wanatumia kidogo kwa sababu hawashindi nyumbani, na imewakosa wapangaji wanne ambao kila mmoja anatumia zaidi kidogo tu ya nusu ya kiwango kilicholindwa.

Katika nyumba kama hiyo ugomvi huwa ni juu ya nani aliyeipeleka mita ngazi ya pili: mwenye friji, au mwenye pasi, au aliyehamia mwisho. Hesabu haiwezi kulijibu swali hilo, maana uniti ya 76 haina jina la mtu. Kama watatu kati ya wanne wasingekuwepo, yeyote aliyesalia angebaki ndani ya ngazi ya kwanza. Kwa hiyo kugawana kwa haki kunahitaji bei ya wastani: fedha yote iliyolipwa kwa mwezi, kodi ya majengo ikiwa imetengwa, ikigawanywa kwa uniti zote, halafu kila kaya izidishe kwa uniti zake za mita ndogo. Katika D1 yenye uniti 160 bei hiyo ni shilingi 284 pamoja na makato. Katika T1 ni 356.24. Mpangaji anayetozwa 500 kwa uniti ana namba ya kuuliza. Lakini wapangaji hao hao wakikaa kuamua wapunguze nini, wastani hautawafaa tena. Kila uniti watakayoiacha katika D1 inatoka juu, kwenye ngazi ya pili, na inaokoa 427, si 284. Kwa mteja asiyefika 75, kila uniti inayoachwa inaokoa 122 tu, kwa hiyo taa ya bei ghali inayokula umeme kidogo itachukua muda mrefu zaidi kurudisha gharama yake kwake kuliko kwa jirani aliye ngazi ya pili. Na kwa wapangaji wanne, hata wakipunguza kwa robo nzima, kutoka 160 hadi 120, wataokoa 17,080 kwa mwezi wakiwa D1. Kutenganisha mita kungewaokolea 25,925 katika hali ile ile bila kuzima chochote, na 37,478 kama mita imeshahamia T1.